Presha 170/50 na kichwa kinatikisika

"Mzee wangu yuko Igombe, presha 170/50, kichwa kinatikisika kila moyo ukipiga. Mashine mbovu?"

Sidhani kama ni mashine ndugu, nahisi valvu ya aota, ule mlango wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, inavuja. Moyo ukilegea damu inarudi ndani, ndo maana namba ya chini inashuka hivyo, afu chemba ya kushoto ya moyo inajaa ile iliyorudi pamoja na ya kutoka mapafuni, kwa hiyo pigo linalofuata linatupa mzigo mkubwa, namba ya juu inapaa na kichwa kinatikisika. Muinue mkono juu, umshike karibu na kiganja, utasikia pigo linagonga afu linaporomoka ghafla. Kuna aliyesema hapa ni damu pungufu, hajakosea sana, nayo inarusha pigo, ndo maana apigwe eko, kile kipimo cha picha ya moyo, hospitali ya Bugando. Ila valvu ikichanika ghafla chemba haijatanuka bado, hilo pengo kubwa la namba ya juu na ya chini unaweza usilione.