Masaa 15 yameenda wapi? Maswali yenu kuhusu vitabu vya kusikiliza ndani ya Spotify

Wiki hii nimeamua nijibu ya vitabu tu, vile vya kusikiliza ambavyo Premium, yaani Spotify ya kulipia, inakupa masaa 15 kwa mwezi, manake kila nikifungua meseji nakuta mtu analalamika masaa yameisha au kitabu kimerudi nyuma. Wengi mnaoniandikia mko Uingereza, Marekani na Kanada, na huko ndiko hii huduma ipo, kwahiyo nitaongelea Spotify ya huko.

"Kaka mi na mume wangu tuna kifurushi cha Family hapa Leicester, yeye anasikiliza vitabu bila shida, mimi nikigusa kitabu hichohicho naambiwa ninunue. Si tunalipa pamoja?"

Mnalipa pamoja ndiyo, ila masaa ya vitabu anapewa yule mwenye kifurushi peke yake, yaani yule ambaye kadi yake ndo inakatwa kila mwezi. Nyie wengine mliounganishwa mnapata miziki yote bila matangazo lakini kwenye vitabu mnahesabika wageni. Duo nayo iko hivyohivyo, wako wawili, anayepata masaa ni mmoja. Ukitaka ya kwako, siku hizi kuna nyongeza inaitwa Audiobooks+, mwenye kifurushi anaweza akakuwekea kwa kulipia kila mwezi juu ya ile bei ya kawaida, basi na wewe unakuwa na masaa yako 15 ambayo hayaingiliani na ya mzee. Kabla hamjalipa lakini kaeni chini muulizane nani hasa ni msomaji humo ndani, manake nimeshakutana na nyumba mwenye kadi hata hajui kama ana masaa, yanaisha mwezi kwa mwezi hayajaguswa, na mke anahangaika. Hapo dawa ya bei rahisi ni kubadilisha tu nani awe mwenye kifurushi.

"Naweka spidi ya 2x ili nimalize haraka nisile masaa mengi, mbona yanaisha vilevile?"

Kwasababu wao hawahesabu saa ya ukutani, wanahesabu urefu wa kitabu. Sura ya saa moja ukiisikiliza kwa 2x umekaa nusu saa, ila kwenye akaunti limetoka saa zima. Spidi inakuokolea muda wako wewe. Na ubaya mwingine, ukirudia sura kwasababu spidi ilikuwa kali hukuelewa, ile kurudia nayo inakatwa upya, kwahiyo kwa kitabu kigumu hiyo 2x inaweza hata ikakugharimu zaidi.

"Kitabu nilichokipenda kina masaa 21, na mi napewa 15 kwa mwezi. Nifanyeje nisilipie ya ziada?"

Hili ndo swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba masaa hayaanzi upya tarehe moja ya mwezi kama watu wengi wanavyodhani, yanaanza upya siku ile unayokatwa hela. Kama unakatwa tarehe 18, mwezi wako wa vitabu unatoka 18 mpaka 17. Na yaliyobaki hayavuki, ukiwa umebakiza masaa sita tarehe 17 usiku, asubuhi hayapo, una 15 mapya basi.

Sasa tufanye hesabu yako. Tuseme leo ni tarehe 12, umeshasikiliza kitabu kingine masaa tisa, una sita mkononi. Ukianza hicho cha masaa 21 leo, unasikiliza kama saa moja na robo hivi kwa siku mpaka tarehe 16, sita yanaisha, apu inakufungia kitabu lakini alama ya pale ulipofika inabaki. Unakaa siku moja unasikiliza taarabu. Tarehe 18 unakatwa hela, yanaingia 15, na kitabu kimebakiza 15 kamili, unamaliza bila kuongeza hata senti. Ila umeona, hapo huna hata dakika ya kurudia, kwahiyo kama we ni mtu wa kurudisha nyuma, anza na kitabu kifupi kidogo.

Ungeanza tarehe 18 ukiwa na 15 mapya, masaa 15 yanaisha na kitabu kinabakiza sita, na ukiwa msikilizaji wa kila siku hiyo inakukuta katikati ya mwezi, unakaa wiki mbili unasubiri hujui muuaji ni nani. Hapo ndo watu wanashikwa roho wananunua masaa ya kuongeza, kwa Marekani masaa 10 ni dola 12.99. Hayo ya kununua angalau hayafi mwisho wa mwezi, yanakaa mwaka mzima, na apu inamaliza kwanza yale ya kifurushi ndo iguse yale. Ukiwa umebakiza saa moja au mbili tu kumaliza kitabu, mi naona bora usubiri.

Halafu angalia nchi yako, 15 ni ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na wenzao. Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi wao waliletewa 2024 na masaa 12.

"Nilisikiliza nikapitiwa na usingizi, asubuhi kitabu kimefika mwisho na masaa yameliwa. Yanarudi?"

Hayarudi, pole sana. Kwenye pleya ya simu kuna alama ya kupanga muda wa kulala, "Sleep timer", ndani yake kuna chaguo la kuzima mwisho wa sura, "End of chapter". Mi nakushauri uweke dakika 15 au 30 badala ya mwisho wa sura, manake kuna vitabu sura moja inaenda saa zima na we ulishalala dakika ya tano. Na ukiamka kitabu kimekimbia, usikirudishe nyuma kidogokidogo huku kinacheza unatafuta ulipoishia, kisimamishe kwanza, fungua orodha ya sura, ruka moja kwa moja. Kuruka hakuli masaa, kinachokula ni kilichocheza.

"Mimi ni nesi huku Minnesota, zamu ya usiku. Nasikiliza kwenye simu nikiwa kwenye basi, nimeshadaunlodi ili nisile bando. Nikifika nyumbani nikafungua kwenye laptopu kitabu kiko nyuma, nikigusa pale, simu nayo inachanganyikiwa. Tatizo ni simu au laptopu?"

Dada, zote mbili ni nzima. Alama ya ulipofika haikai kwenye kifaa, inakaa kwenye akaunti yako huko kwenye seva, yaani kompyuta za Spotify wenyewe, na simu inaipeleka pale tu inapokuwa na mtandao. We kwenye basi uko oflaini, simu inajua umefika sura ya 9 dakika ya 22, ila seva ya mwisho kusikia kutoka kwako ilikuwa jana jioni ukiwa kwenye waifai, sura ya 8 dakika ya 3. Laptopu inauliza seva, haiulizi simu, inaletewa sura ya 8. Hapo bado hakijaharibika kitu. Kinachoharibu ni wewe kubonyeza pleyi kwenye laptopu, manake sasa laptopu nayo inaandika alama mpya juu ya akaunti, na simu ikija kuunganishwa kuna alama mbili zinagombania kitabu kimoja.

Kwahiyo ukifika nyumbani, kabla hujavua hata viatu, fungua simu kwanza. Hakikisha imeshika waifai, na kama uliwasha "Offline mode" ndani ya apu izime, manake hiyo ikiwa imewashwa hata waifai iwe kali vipi apu inajifanya haioni. Cheza sekunde kumi hivi, simamisha, ndo ufungue laptopu. Ukiwa na haraka angalia tu orodha ya sura kwenye laptopu, sura ya 8 ikiwa bado inaonyesha dakika zimebaki, ujue habari haijafika, usibonyeze kitu.

Ukifanya hivyo na bado inarudi nyuma, kagua vitu viwili. Simu nyingi zina kile cha kubana betri ambacho kinaua apu ukishafunga skrini, itoe Spotify humo. Cha pili, na hiki kinachekesha lakini nakikuta sana, angalia jina la akaunti kwenye simu na kwenye laptopu. Kuna watu simu wameingia kwa Facebook, laptopu kwa imeili, ni akaunti mbili tofauti, na ile nyingine hata Premium haina.

Na hata masaa uliyosikiliza ukiwa oflaini yanahesabiwa, simu ikirudi onlaini inapeleka na hesabu. Usishangae umelala una masaa manne, umeamka una mawili. Pia ile daunlodi inahitaji ionje mtandao walau mara moja kila siku 30, la sivyo inafutika.

"Mi na mdogo wangu tunatumia akaunti moja, yeye yuko sura ya 3 mimi sura ya 14, tunaweza kutenganisha?"

Hapana. Akaunti moja, alama moja kwa kila kitabu. Mkisoma vitabu tofauti mtaelewana kwenye alama, ila masaa ni yaleyale 15 mnagawana, na mmoja akicheza onlaini, cha mwingine kinasimama.

"Niko Mombasa nalipia Premium, sioni hayo masaa 15 popote. Nimekosea kuseti?"

Hujakosea kitu ndugu yangu. Spotify ilifika huku kwetu Februari 2021 kwa ajili ya muziki na podikasti. Vitabu ndani ya Premium vilianza Oktoba 2023 Uingereza na Australia, Marekani mwezi uliofuata, halafu vikaenda nchi moja moja. Kinachoangaliwa ni nchi ya akaunti yako, kwahiyo binamu yako akija likizo kutoka London na simu yake yeye atasikiliza palepale sebuleni kwenu na wewe huna. Kujua kama kwako imefika, fungua ukurasa wa Premium wa nchi yako, masaa ya vitabu yangekuwepo yangeandikwa pale kwenye maelezo ya kifurushi. Kama hayajaandikwa, hakuna seti ya kuwasha.

"Nikiacha kulipa Premium, kitabu nilichonunua kwa hela yangu nakipoteza?"

Ulichonunua ni chako, kinabaki hata ukirudi kwenye akaunti ya bure, na wakati unakisikiliza hakigusi masaa ya kifurushi. Kile ulichokuwa unasikiliza kwa masaa ya kifurushi ndo kinafungwa. Kwahiyo kama unataka kuacha, maliza kwanza kitabu ulichonacho mkononi ndo ukate.