Mann-Whitney ilinipa p nzuri, bosi akapoteza karibu laki moja

*"Wakuu, nina matumizi ya maji kwa mwezi (shilingi) ya mitaa miwili, nyumba 38 na 41. Nataka kuonyesha mtaa upi unatumia pesa nyingi zaidi. Shapiro-Wilk imekataa, p = 0.004. Naambiwa nihamie Mann-Whitney na niandike mediani badala ya wastani. Ni sawa? Kwenye SPSS nabonyeza wapi?"*

Usibonyeze. Acha hiyo kompyuta kwanza.

Huyo aliyekuambia "Shapiro ikikataa, hamia Mann-Whitney" ni ndugu wa yule aliyeniambia mimi. Wangu alikuwa na kibanda cha uchapishaji mjini, anachambulia wanafunzi data kwa bei ya sahani ya pilau, na ukutani amebandika mchoro wa mishale: Shapiro ikikubali kwamba data ina umbo la kengele, nenda kushoto; ikikataa, nenda kulia kwa Mann-Whitney. Nikaufuata ule mchoro kama mtu anayefuata makanga usiku. Nina digrii, kwa hiyo msinicheke sana, tayari nimejicheka vya kutosha.

Nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya kupeleka mizigo hapa Nairobi, pikipiki 40. Gereji yetu ilikuwa Industrial Area. Fundi mwingine wa Kirinyaga Road akaja na bei zake, bosi akaniambia, "Wewe si ndiye uliyesoma takwimu? Niambie wapi tutatumia pesa kidogo." Nikachukua risiti kumi za kila gereji. Hizi hapa, A ni Industrial Area, B ni Kirinyaga Road:

```r
A <- c(900, 950, 1000, 1050, 1100, 1150, 1200, 1250, 1300, 1400)
B <- c(600, 650, 700, 750, 800, 850, 870, 880, 6000, 7500)
wilcox.test(A, B)
t.test(A, B)
mean(outer(A, B, ">"))
```

Angalia B. Risiti nane za bei ya mteremko, halafu mbili za kuvunja mgongo. Zile mbili ni pikipiki zilizonoki injini, pistoni na ringi zikabadilishwa. Shapiro ilikataa B papo hapo, na mimi nikafurahi, maana mchoro ulikuwa umeshanipa jibu. Nikaendesha Mann-Whitney (kwenye R inaitwa `wilcox.test`, ukiipa makundi mawili yasiyo ya jozi ni kitu kile kile). Ikatoa W = 80, p ya 0.02 na ushei. Mediani ya A ni 1,125, ya B ni 825. Nikavaa tai, nikamwambia bosi: "Kirinyaga Road ni nafuu, na takwimu zimethibitisha." Pikipiki zote 40 zikahama.

Miezi mitatu, kila pikipiki ikiingia gereji mara moja kwa mwezi, ni safari 120. Kwa wastani wa gereji ya zamani tungelipa kama 135,600. Tulilipa 228,400. Bosi aliniita, hakupiga kelele, aliniwekea tu rundo la risiti mezani na kunywa chai yake. Ningependa angepiga kelele.

Sasa ona kosa lilikuwa wapi, kwa sababu namba za kompyuta zote zilikuwa sahihi.

Chukua zile risiti ishirini uzipange mezani kuanzia ndogo hadi kubwa, uzipe namba ya nafasi. Nane za B zinakaa nafasi ya 1 hadi 8. Kumi za A zinakaa 9 hadi 18. Mbili za B zilizobaki zinakaa 19 na 20. Kuanzia hapo Mann-Whitney haijui tena shilingi ni nini. Inajumlisha nafasi tu: B ina 75, A ina 135. Risiti ya 7,500 ni "nafasi ya 20" na basi. Kama fundi angeniandikia 75,000 ingebaki nafasi ya 20, na p isingesogea hata nukta. Fikiria hilo taratibu: fundi angeweza kunitoza bei ya pikipiki mpya na jaribio langu lingeendelea kuniambia kwamba yeye ndiye nafuu.

Kwa nini? Kwa sababu swali lake si la jumla ya pesa. Linauliza hivi: nikiokota risiti moja ya A na moja ya B bila kuangalia, mara ngapi ya A itakuwa kubwa? Una jozi 100 (kumi mara kumi). Kila A inazishinda zile nane za B, kwa hiyo A ni kubwa kwenye jozi 80, na B kwenye 20. Ndiyo ile W = 80, na ndiyo ile 0.8 utakayoiona kwenye mstari wa mwisho wa msimbo. Kama makundi yangekuwa hayana tofauti, ungetegemea 50 kwa 50. Basi Mann-Whitney ilisema kweli tupu: ukienda Kirinyaga Road leo, kuna uwezekano mkubwa utalipa kidogo kuliko Industrial Area. Dereva anayelipa mwenyewe, mara moja, angeshukuru kwa habari hiyo.

Bosi halipi risiti moja. Analipa zote. Na jumla ya risiti zote ni wastani mara idadi, hakuna njia ya kando. Wastani wa A ni 1,130. Wa B ni 1,960. Kati ya shilingi 19,600 za B, zile injini mbili zimebeba 13,500. Yaani kitu chenyewe kilichokuwa kinamuumiza bosi ndicho nilichokigeuza kuwa "nafasi ya 19 na 20".

Jaribio la t ndilo linalouliza habari za wastani. Nililiendesha baada ya kuaibika, na kwenye R `t.test` inakuja tayari na mtindo wa Welch usiodai mitawanyo iwe sawa. t ilikuwa kama -1, p kama 0.33. Msikimbilie kusema "basi t ingekuokoa". Isingeniokoa. Kwa risiti kumi zenye mkia mrefu vile, p yake yenyewe siiamini sana, na hata ukiiamini inasema tu kwamba data haitoshi kujua wastani upi ni mkubwa. Lakini hilo ndilo lingekuwa jibu la haki: "Bosi, kwa siku nyingi B ni nafuu, ila injini mbili zimemeza kila kitu, nipe risiti 60 zaidi kabla hatujahama." Kuna tofauti kati ya jibu lisilo na uhakika kwa swali lako na jibu lenye uhakika kwa swali la mtu mwingine. Mimi nilimpelekea bosi la pili, na nikalipigia chapa ya p.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nimeilipia: kabla ya Shapiro, andika kwenye karatasi kama unataka jumla au unataka nani huwa anamzidi nani. Bajeti, gharama, mauzo, lita, chochote kitakachojumlishwa na mtu fulani mwisho wa mwezi, hicho ni wastani, data iwe na umbo la kengele au la nundu ya ngamia. Ukiona umbo ni baya, shughulika na wastani kwa njia inayovumilia umbo baya: ongeza data, au chota upya sampuli kutoka kwenye data yako mwenyewe mara elfu kadhaa uone tofauti ya wastani inacheza kati ya wapi na wapi. Ila jua kwamba kwa kumi kumi hata hiyo inayumba. Lakini kama umeuliza watu "umeridhika kiasi gani, 1 hadi 5", pale kujumlisha ni mashaka tangu mwanzo, nafasi ndizo zinazoeleweka, na Mann-Whitney iko nyumbani kwake.

Na hiyo habari ya "andika mediani". Nani huwa anawafundisha hivi? Mann-Whitney si jaribio la mediani. Inakuwa hivyo tu kama mitawanyo miwili ina umbo moja na mmoja umesogezwa pembeni, kama masufuria mawili sawa kwenye rafu. Chukua kundi la 1, 2, 3, 20, 21, 22, 23 na lingine la 17, 18, 19, 20, 40, 41, 42. Mediani ya yote mawili ni 20. Hesabu jozi 49, ukihesabu sare kama nusu: la pili linashinda 33.5. Mediani ni sawasawa, na bado kundi moja huwa linalizidi jingine. Ukiwa na mamia ya watu kwenye umbo hilo utapata p ndogo kabisa, uandike "mediani zinatofautiana", halafu msimamizi wako aangalie jedwali aone 20 na 20. Ukitumia Mann-Whitney, andika namba yako iliyo kama ile 0.8 yangu, useme ni uwezekano wa nyumba moja ya mtaa huu kulipa zaidi ya nyumba moja ya mtaa ule. Hilo ndilo lililopimwa.

Kuna wanaosema Shapiro ndiyo hakimu. Kwa data chache mara nyingi haioni ubovu, kwa data nyingi inalalamikia kila kijikunyanzi. Na jaribio la t halihitaji kila nyumba ikae kwenye kengele, linahitaji wastani wa sampuli utulie, na kwa nyumba 38 na 41 mara nyingi unatulia, isipokuwa nyumba mbili tatu ndizo zinazobeba mtaa mzima.

Na hapo ndipo nina wasiwasi na maji yako. Umesema "pesa nyingi zaidi", kwa hiyo ni jumla. Lazima kuna nyumba yenye bomba linalovuja, au mwenye nyumba anayeuzia majirani kwa mtungi, na bili yake ni kama ile injini yangu iliyonoki. Tuwekee hapa bili tano kubwa za kila mtaa, na jumla ya kila mtaa. Na hiyo SPSS iendelee kulala.