Viza ya uendako haitoshi: angalia na viwanja utakavyopita

Mtu akishapata viza ya nchi anayokwenda, hujiona amemaliza. Anafungua simu, anapanga bei kuanzia ya chini, anakata tiketi. Tatizo linajitokeza siku ya safari, kaunta. Mhudumu wa shirika la ndege haangalii mwisho wa safari peke yake. Anaingiza uraia wako na kila kiwanja utakachopita kwenye mfumo uitwao Timatic, na mfumo ukionyesha unahitaji viza ya kupita, hupewi pasi ya kupandia ndege. Shirika likimbeba abiria asiye na hati zinazotakiwa hutozwa faini na kulazimika kumrudisha, kwa hiyo kumbembeleza mhudumu ni kazi bure.

Chukua safari ya mpwa wangu, mwenye pasipoti ya Tanzania, kutoka Dar es Salaam kwenda Sao Paulo. Viza ya Brazil alikuwa nayo mkononi. Wakala akamletea njia kadhaa, naye mpwa akaniuliza achague ipi, nikamwambia bei tuiweke kando kwanza tuzisome njia zenyewe.

Njia ya kupitia Marekani tuliifuta mara moja. Tangu Agosti 2003 Marekani haina utaratibu wa kupita bila viza. Kila anayetua kutoka nje anapita uhamiaji na kuchukua mzigo wake, hata kama ndege ya pili inaondoka baada ya saa mbili. Unahitaji viza ya kupita, C-1, au viza nyingine ya Marekani inayokuruhusu kuingia, na kuiomba ni fomu na usaili kama viza nyingine.

London nayo ilikuwa na bei nzuri. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza hata wasipotoka eneo la ndani la kiwanja, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Mwenye viza halali ya Marekani au Kanada anaweza kusamehewa, lakini ya Brazil haikusaidii hapo. Ukijumlisha ada, alama za vidole na muda wa kusubiri majibu, unafuu wa bei unayeyuka.

Njia iliyonitia wasiwasi zaidi ni ile iliyoonekana haina shida: Dar es Salaam, Amsterdam, Lisbon, Sao Paulo. Tanzania haimo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti mipakani baina yao, ya wanaohitaji viza ya kupita kiwanjani, na watu wengi wakilisikia hilo wanalipa. Lakini ndege ya Amsterdam kwenda Lisbon ni safari ya ndani ya Schengen. Ili uipande lazima ukaguliwe na uhamiaji wa Uholanzi na uingie rasmi, kisha Lisbon ukaguliwe tena wakati wa kutoka. Hapo huhitaji viza ya kupita, unahitaji viza kamili ya Schengen. Kwa hiyo ukiona viwanja viwili vya Schengen vinafuatana kwenye tiketi, na viza hiyo huna, achana na tiketi hiyo.

Orodha zenyewe pia hazifanani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Ethiopia zimo kwenye ile ya pamoja ya Schengen, na juu yake kila nchi inaruhusiwa kuongeza yake. Mwanzoni mwa 2024 Hispania iliwaongeza Wakenya, kwa hiyo Mkenya na Mtanzania walioketi kiti kwa kiti wanaweza kutendewa tofauti Madrid. Rafiki yako aliyepita mwaka juzi si ushahidi. Uliza kwa pasipoti yako, kwa kiwanja hicho, wiki unayokata tiketi.

Lililobaki ni kama tiketi ni moja au mbili. Tovuti nyingine huunganisha mashirika mawili yasiyo na makubaliano na kukuuzia kama safari moja. Mzigo unaandikiwa hadi kiwanja cha kwanza tu. Inabidi utoke ukauchukue na kuukabidhi upya, na kutoka ni kuingia nchini. Kiwanja ambacho ungepita bila viza kinageuka kuwa cha viza kwa sababu ya sanduku. Kabla ya kulipa, muulize wakala: namba ya uhifadhi ni moja, na begi litaandikiwa hadi mwisho? Akisitasita, usilipe. Vivyo hivyo kwa miji yenye viwanja viwili: kutoka Heathrow kwenda Gatwick unapita mitaani, lazima uingie Uingereza.

Mpwa wangu alichukua Addis Ababa, ambako kuna ndege inayokwenda Sao Paulo, tiketi moja, mzigo hadi mwisho. Ilikuwa ghali kidogo kuliko ya London. Kabla ya kulipa tuliisoma na safari ya kurudi, kwa sababu wakala alikuwa amempangia kurudi kwa njia nyingine, kupitia Lisbon na Amsterdam. Tukamwomba airudishe Addis.