Kabla fundi hajamwaga slabu ya jikoni, pima kiwiko chako kwanza

Natengeneza makabati ya jikoni hapa Kampala na sehemu za karibu, na swali naloulizwa na wateja wengi ni la rangi ya bodi au granaiti gani itapendeza. Urefu wa slabu hakuna anayeuliza, fundi anamwaga sentimita 90 kama alivyozoea, basi. Lakini mgongo unaouma ukishaosha vyombo, au mabega yanayochoka ukisonga posho, mara nyingi chanzo ni hiyo slabu.

Niwape mfano wa jiko moja nililofanya Bombo, la hajati mmoja. Yeye ni mfupi, kama sentimita 152 hivi, na mwanawe alikuwa anajenga nyumba mpya akataka jiko la kusimama, slabu pande mbili. Nikamwambia hajati avue viatu au avae zile ndala anazopikia, asimame wima, akunje mkono kama anayekata kitunguu. Nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, ikaja 96. Pa kukatia panatakiwa pawe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 mpaka 15, kwa hiyo kwake ni kati ya 81 na 86, tukachagua 84. Ile 90 ya kila nyumba ingemfanya anyanyue mabega kila akishika kisu. Mtu mrefu yeye shida yake ni kinyume, kwenye 90 anainama, anahitaji 95 au zaidi.

Sasa kwenye moto hesabu inabadilika kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanaumia. Jiko la gesi la mezani lina urefu wake, tuseme sentimita 12, halafu juu yake sufuria ya 18, jumla 30. Ukiliweka juu ya slabu ya 90 mdomo wa sufuria unafika 120, hajati na kiwiko chake cha 96 angesonga posho mkono uko juu karibu na bega, na posho ikianza kukaza inataka nguvu ya mwili kutoka juu, sio ya bega peke yake. Tukashusha kipande cha slabu upana wa sentimita 80 hivi mpaka 66, mdomo wa sufuria ukaja 96, sawa na kiwiko. Kipande hicho kinaonekana kama ngazi, mwanawe hakukipenda mwanzoni, lakini anayepika sio yeye. Kwenye sinki ni kinyume tena, mikono inafanya kazi chini kwenye kitako cha sinki, kwa hiyo pale tulipandisha mpaka 90.

Jambo moja muhimu hapa: vipimo vyote hivi ni kutoka kwenye sakafu iliyokwisha, taili zikiwa ndani. Fundi akipima kutoka kwenye zege tupu, mota na taili zikiingia sakafu inapanda sentimita 5 au zaidi, na granaiti nayo inaongeza 2 au 3 juu ya slabu. Kwa hiyo muulize mapema sakafu itapanda kiasi gani, halafu mchore mstari ukutani.

Upana wa jiko la hajati ulikuwa sentimita 210 ukuta kwa ukuta. Mwanawe alitaka makabati ya kina cha 60 pande zote mbili. Hesabu yake ni rahisi, 210 toa 120 inabaki 90, na hapo mmoja akiinama kufungua kabati mwingine hapiti na sufuria ya moto. Mtu mmoja anahitaji angalau mita 1 ya kupita, wawili wakipika pamoja 120 ndio raha. Tukaacha 60 upande wa sinki na moto, upande wa pili tukakata kina cha 40, katikati ikabaki 110. Kina cha 40 kinatosha sahani, vikombe, makopo ya unga na sukari, na ukweli kabati la 60 vitu vya nyuma huwa vinasahaulika huko. Tena bodi ya futi 8 kwa 4 ina upana wa 122, inatoa vipande vitatu vya 40 bila kupoteza sana.

Pia pale chini mwambie fundi aache nafasi ya vidole vya miguu, kimo sentimita 10 na kuingia ndani 7 hivi. Bila hiyo unasimama mbali na slabu na unalazimika kuinama hata kama urefu umepimwa vizuri. Makabati ya ukutani yawe na kina cha 30 mpaka 35, yaanzie sentimita 50 juu ya slabu, na kwa mtu mfupi kama hajati 45 ni nzuri zaidi, afikie rafu ya kwanza bila kupanda kigoda.

Kama slabu imeshamwagwa na iko juu sana, usianze kuvunja. Tengeneza meza imara ya sentimita 65 hivi ya kuwekea gesi, mpira wa gesi ufike bila kuvutwa, na ile slabu ibaki ya kuwekea vyombo. Kama iko chini sana, ubao mzito wa kukatia wenye miguu ya sentimita 5 au 8 unamaliza kazi, ila uwekee raba chini usiteleze.