Chumba cha uani: waya au antena?

"Chumba cha uani kipo mita 40 hivi kutoka kwenye ruta, huku Mikindani. Nivute waya au ninunue antena mbili za nje?"

Vuta waya, ndugu. Kebo ya mtandao inafika mita 100. Nunua ya nje, ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini, irudishe dukani. Ifukie ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya wa umeme.

Antena nazo zinafaa, ila zikionana tu. Mwembe ukikaa katikati, majani yanakula mawimbi, hasa yakilowa mvua.

Ila kama chumba kina luku yake, mimi ningeenda na antena, maana kebo ya shaba ingeunganisha mifumo miwili ya umeme, na radi ikipiga jirani vifaa vya pande zote mbili vinaweza kuungua.