Somo linasifiwa, mtihani unaangusha

"Wanafunzi wangu wa uuguzi wanalisifu somo la famakolojia, lakini wengi wameanguka mtihani. Nirekebishe nini?"

Ndugu mwalimu, chambua kwanza mtihani swali kwa swali. Panga karatasi kwa alama, kisha linganisha asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Swali linalokoswa sawasawa na makundi yote mawili huenda limeandikwa vibaya, au mada yake haikueleweka darasani. Mathalani, dripu ya mililita 1000 kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni takriban matone 42 kwa dakika; aliyeandika 125 amepata mililita kwa saa, akaishia hapo. Kosa hilo likijirudia, ongeza mazoezi ya kukokotoa wodini, na katika dodoso waulize ni hatua ipi iliyowatatiza, kwa kuwa kuridhika kwao hakukuonyeshi hilo.