Bei ya tiketi ya harambee ya vijana

"Chakula ni 13,000 kwa sahani, ukumbi, muziki na mapambo 1,305,000. Tunatarajia wanunuzi 150 na wageni wa bure 15. Tiketi iwe shilingi ngapi tubaki na milioni 3?"

Ndugu, uzeni 45,000. Kuna mchangiaji mwingine aliyewajibu kwamba tiketi iwe 41,700; amepiga hesabu vizuri, ila amesahau kwamba mgeni rasmi, kwaya na mshereheshaji nao watakula, na sahani zao 15 ni 195,000. Ukijumlisha kiasi hicho, gharama zisizobadilika na lengo lenu, unapata 4,500,000, ambayo ukiigawa kwa wanunuzi 150 ni 30,000 kila mmoja, na ukiongeza sahani yake inakuwa 43,000. Hiyo 2,000 ya juu ndiyo pumzi yenu, kwa kuwa kwa 45,000 lengo linatimia mkiuza tiketi 141.

Hesabu hii inasimama iwapo mpishi atalipwa kwa idadi mtakayomthibitishia baada ya mauzo kufungwa. Akitaka malipo ya sahani zote 165 mapema, kila tiketi isiyouzwa itawagharimu 45,000 nzima, si 32,000.

Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kama chenu, na kilichotuumiza hakikuwa bei, bali vitabu vya tiketi tulivyowagawia wanachama bila kuandikisha namba, kwani siku ya tukio watu waliingia na tiketi halali ambazo fedha zake hadi leo sijaziona. Kama wanunuzi wenu wanaweza kumudu 45,000, ninyi ndio mnaowajua.